Kanuni ya kweli isiyojibu swali lililoulizwa

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria ngazi ya cheti huku mkoani Tanga. Vifungu navijua, lakini maswali ya kuchagua yananiangusha. Nikirudishiwa karatasi naona jibu nililochagua ni kweli kabisa, limo kwenye sheria, ila nimepigwa kosa. Nifanyeje ili nitambue mapema kwamba jibu la kweli silo?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza ni vizuri ujue majibu hayo yanatoka wapi, kwa sababu ukijua yanavyotengenezwa utayatambua kwa haraka. Mtunzi wa mtihani anapoandika swali la kuchagua, kazi inayomchosha zaidi ni kupata vipotoshi, yaani majibu ambayo si sahihi lakini yanaweza kumvutia mtahiniwa. Akiandika kauli ya uongo, kila aliyesoma ataikata mara moja, na kauli hiyo haitampima mtu. Kwa hiyo anafungua sura ileile ya sheria anayoitungia swali, anachukua kanuni za vifungu vya jirani, anazinakili kwa usahihi na kuziweka chini ya swali. Kanuni hizo ni za kweli kwa sababu zimetoka kwenye sheria yenyewe, na wewe uliyesoma sana ndiye utakayezitambua na kuzipenda. Aliyesoma kidogo hazimshtui wala hazimvuti.

Kutokana na hapo utaona kwamba kujiuliza «je, kauli hii ni kweli?» hakuwezi kukusaidia mbele ya swali la namna hiyo. Utajiuliza mara tano, utajibiwa «ndiyo» mara tano, kisha utachagua ile unayoikumbuka vizuri kuliko nyingine. Badala yake, kila unapofika kwenye jibu jiulize: «kanuni hii ingekuwa jibu la swali gani?» Kila kanuni ya sheria imewekwa ili kumaliza ugomvi wa aina fulani. Ukiutaja ugomvi huo kwa maneno yako, kisha ukaulinganisha na ugomvi ulio kwenye karatasi, kipotoshi hujitenga chenyewe.

Tufanye swali moja kwa ukamilifu. Nimelitunga kutokana na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kanuni zake zimefuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na nimeliandika kwa Kiswahili ingawa mtihani wenu huja kwa Kiingereza.

Siku ya Jumatatu, Athumani wa Pangani alikubaliana na Mwanahamisi wa Tanga mjini kumuuzia ngalawa yake kwa shilingi 2,000,000. Mwanahamisi aliikagua ngalawa hiyo ufukweni, akaiona haina kasoro na akaridhika nayo. Walikubaliana kwamba Ijumaa ataleta fedha na kuichukua. Hawakukubaliana jambo jingine lolote. Usiku wa Jumatano dhoruba ikaivunjavunja ngalawa bila kosa la mtu yeyote. Ijumaa Mwanahamisi akakataa kulipa. Kati yao nani anabeba hasara ya ngalawa, na kwa kanuni ipi?

A. Kukabidhi bidhaa na kulipa bei ni wajibu unaokwenda pamoja, isipokuwa kama pande zote mbili zimekubaliana vinginevyo.

B. Muuzaji ambaye hajalipwa, na ambaye bidhaa bado imo mikononi mwake, anaweza kuizuia mpaka alipwe.

C. Makubaliano ya kuuza bidhaa mahsusi hubatilika iwapo bidhaa hiyo itaharibika bila kosa la upande wowote kabla hatari haijahamia kwa mnunuzi.

D. Hatari hufuata umiliki, na umiliki wa bidhaa mahsusi iliyo tayari kukabidhiwa huhama mkataba unapofungwa.

E. Asiyekuwa mmiliki wa bidhaa, na asiye na idhini ya mmiliki, hawezi kumpa mnunuzi umiliki wa bidhaa hiyo.

Anza na sentensi ya mwisho ya swali, kabla ya hadithi. Sentensi hiyo inauliza nani anabeba hasara. Haiulizi kama mkataba upo, wala muuzaji ana haki gani juu ya bidhaa, wala mali ni ya nani kiasili. Sema kwa maneno yako jibu linalotakiwa ni la aina gani: hapa linatakiwa jina la mtu mmoja na kanuni inayogawa hasara. Baadaye soma hadithi huku umefunika majibu kwa kiganja au kwa karatasi chakavu, na ujaribu kulijibu swali kabla hujayaona. Aliyesoma sura hii atasema: hasara ni suala la hatari, hatari humfuata mwenye mali, kwa hiyo lazima nijue Jumatano usiku ngalawa ilikuwa ya nani. Hata usipofika mwisho, ukishajua kwamba unatafuta kanuni inayosema mali ilihama lini, umekwisha kujikinga na majibu matatu kati ya matano.

Sasa funua majibu, na usiyapime yote kwa haraka moja. Jibu la E liulize swali lake: linamaliza ugomvi gani? Linamaliza ugomvi kati ya mmiliki wa kweli na mnunuzi aliyeuziwa na mtu mwingine. Katika hadithi yetu hakuna anayebisha kwamba ngalawa ilikuwa ya Athumani. Kanuni ni ya kweli, lakini hakuna tukio hata moja la kuiita, basi ikate.

Jibu la B nalo linamaliza ugomvi gani? Linamlinda muuzaji ambaye mnunuzi anataka kubeba mali bila kulipa. Lina mvuto kwa sababu ni kweli Athumani hajalipwa na ni kweli ngalawa ilikuwa bado kwake, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa: wanaona matukio mawili ya hadithi yamo ndani ya kanuni, wanadhani kanuni imeshika. Lakini angalia inampa Athumani nini. Inampa haki ya kuizuia ngalawa. Ngalawa imekwisha kuwa mbao ufukweni. Hakuna cha kuzuia, na hata kama angezuia mbao hizo tusingejua hasara ni ya nani. Usitosheke na kuona kwamba matukio yanafanana na kanuni. Tazama kanuni inaishia kusema nini, na kama mwisho huo ndio unaoulizwa.

Jibu la A ni gumu zaidi, na ninataka tulikalie kidogo. Mwanafunzi makini atatetea hivi: kama kukabidhi na kulipa vinakwenda pamoja, na Athumani hawezi tena kukabidhi, basi Mwanahamisi hana wajibu wa kulipa, kwa hiyo hasara ni ya Athumani. Hoja hiyo ina mantiki, na ndiyo sababu mtunzi ameiweka A mwanzoni. Kosa lake ni kwamba kanuni hii inahusu utekelezaji kati ya watu wawili ambao bado wanaweza kutekeleza: muuzaji asidai fedha huku amekataa kutoa mali, na mnunuzi asidai mali huku ameficha fedha. Mali inapopotea bila kosa la mtu, sheria ina kanuni nyingine ya kuamua, nayo ni ya hatari. Hatari ikiwa imekwisha kuhamia kwa mnunuzi, atalipa bei hata kama hatapata kitu. Ili ulione hilo ndani ya chumba cha mtihani, tumia kipimo hiki: iondoe kanuni ya A akilini kana kwamba haikuandikwa kamwe, kisha ujiulize kama jibu la swali lingebadilika. Halibadiliki, kwa sababu bado tungeuliza hatari ilikuwa kwa nani. Sasa iondoe ile ya D. Ghafla huna njia yoyote ya kusema nani abebe hasara. Kanuni ambayo ikiondolewa hukumu inabaki vilevile haikuwa imeibeba hukumu hiyo.

Jibu la C ndilo kipotoshi bora katika kundi zima. Linazungumzia bidhaa mahsusi, linazungumzia kuharibika, linazungumzia kutokuwepo kwa kosa, na linataja hatari. Mwenye haraka ataona maneno manne ya hadithi yakiwa mahali pamoja na hatasoma zaidi. Lakini soma maneno yake ya mwisho: «kabla hatari haijahamia kwa mnunuzi». Kanuni hii inadai kwanza ujue hatari iko kwa nani ndipo uitumie, na hilo ndilo hasa tulilokuwa tunaulizwa. Jibu ambalo sharti lake ndilo swali lenyewe haliwezi kuchaguliwa mpaka sharti hilo limeamuliwa na kanuni nyingine. Tukiliamua kwa D, tunaona ngalawa ilikuwa bidhaa mahsusi, kwa kuwa ni ileile moja waliyoikagua na kukubaliana. Ilikuwa tayari kukabidhiwa, kwa kuwa haikubaki kazi ya kufanywa. Na mkataba haukuwa na masharti. Umiliki ulihama Jumatatu, hatari ikahama nao, ingawa malipo na makabidhiano yaliwekwa Ijumaa. Jumatano usiku ngalawa ya Mwanahamisi ndiyo iliyovunjika. Sharti la C halikutimia, na jibu ni D.

Utaniuliza kama si dhuluma mtu kulipia ngalawa ambayo hajawahi kuivuta majini. Swali hilo ni la haki kuulizwa, na sheria yenyewe inaruhusu watu kukubaliana vinginevyo. Walichokusudia wao ndicho kinachotangulia. Kanuni ya D inajaza tu pengo pale walipokaa kimya. Ndiyo maana mtunzi aliandika «hawakukubaliana jambo jingine lolote». Sentensi kama hiyo, inayoonekana haina kazi, imewekwa ili kuufunga mlango ambao ungeweza kuutumia kutorokea. Ukiikuta, ipigie mstari.

Sasa badilisha tukio moja tu. Tuseme Mwanahamisi aliona ngalawa inavuja, wakakubaliana kwamba Athumani aipige kalafati kwanza, na dhoruba ikapiga Jumatano kabla hajaigusa. Majibu ni yaleyale matano, na yote bado ni kweli. Lakini ngalawa haikuwa tayari kukabidhiwa. Muuzaji alikuwa na kazi ya kuifanya, na katika hali hiyo umiliki hauhami mpaka kazi imalizike na mnunuzi ajulishwe. Hatari ilikuwa bado kwa Athumani. Hapo sharti la C limetimia: makubaliano yamebatilika, Mwanahamisi halipi, na hasara inabaki Pangani. Nusu ya kwanza ya D ingali inasema ukweli, lakini nusu yake ya pili inataka bidhaa iliyo tayari, na ngalawa inayovuja haikuwa tayari.

Badilisha sasa sentensi ya mwisho badala ya hadithi. Hakuna dhoruba, ngalawa ni nzima, Ijumaa Mwanahamisi amefika mikono mitupu na anataka kuondoka nayo kwa sababu, anasema, ni mali yake tangu Jumatatu. Swali likiwa «Athumani ana haki gani juu ya ngalawa?», jibu ni B. Likiwa «Je, Athumani ana wajibu wa kuikabidhi leo?», jibu linaelekea A. Hadithi ni ileile, tofauti ni neno «haki» na neno «wajibu». Wanafunzi hupoteza alama hapa kwa sababu walisoma hadithi kwa makini mara mbili na sentensi ya mwisho kwa kuipitia tu. Mimi ningependa ufanye kinyume chake.

Kuna umbo jingine la swali ambalo utakutana nalo, ambapo kila jibu lina uamuzi na sababu: «Mwanahamisi atalipa, kwa sababu muuzaji ambaye hajalipwa anaweza kuizuia bidhaa.» Uamuzi ni sahihi. Sababu ni kanuni ya kweli. Jibu ni kosa. Kilichovunjika ni kiungo cha katikati, yaani neno «kwa sababu», kwa kuwa haki ya kuzuia haimfanyi mnunuzi awajibike kulipia kitu kilichopotea. Katika umbo hili kata kwanza majibu yenye uamuzi usio sahihi, maana ni kazi nyepesi, halafu yale yaliyobaki yasome kwa sauti ya ndani ukilikazia neno «kwa sababu», na uone kama upande wa kulia unauzaa upande wa kushoto.

Njia hii ina mipaka yake, na usiipeleke pasipo mahali pake. Swali linalosema «ipi kati ya kauli zifuatazo si sahihi?» linapima ukweli na uongo tu; hapo rudi kwenye lile swali la kwanza la «je, ni kweli?» na uache kutafuta ugomvi. Vilevile usiichukulie njia hii kama sababu ya kukikimbia kila kinachoonekana rahisi. Nimeona wanafunzi ambao, baada ya kufundishwa kuhusu vipotoshi, wanalikata jibu sahihi kwa kuwa limeandikwa kwa maneno mapana, wakidhani mtego lazima uwe hapo. Upana wa kanuni si kosa, mradi inafika kwenye kile kilichoulizwa. Na kama hukusoma kifungu kinachohusika, hakuna ufundi utakaokitoa hewani; utavikata vipotoshi vitatu, kisha utabaki na viwili usivyoweza kuvitofautisha, kama ambavyo asiyejua maana ya bidhaa iliyo tayari kukabidhiwa angebaki kati ya C na D.

Kwa sababu hiyo, karatasi zako za majaribio zisahihishe kwa kutenganisha makosa mawili. Kwa kila swali ulilokosa, liangalie jibu ulilochagua likiwa peke yake, bila hadithi, na ujiulize kama kauli hiyo ni kweli kisheria. Kama ni ya uongo, kosa lako ni la kutojua, na dawa yake ni kurudi kwenye kifungu. Kama ni ya kweli, kosa lako ni la kusoma swali, na kurudia kifungu hakutakusaidia hata kidogo. Andika makosa hayo katika daftari kwenye safu mbili. Ulivyonieleza, safu ya pili ndiyo itakayojaa, na wanafunzi wa aina yako mara nyingi hukosea kwa kuongeza saa za kukariri vifungu wanavyovijua tayari.

Katika safu hiyo ya pili, kando ya kila swali, andika sentensi moja tu inayotaja ugomvi ambao jibu ulilolichagua lingeumaliza. Ukichagua B katika swali letu, utaandika: «hii ni kwa mnunuzi anayetaka mali bila kulipa». Baada ya muda utaona kanuni zilezile zinajirudia, kwa kuwa sura moja ya sheria haina vifungu vingi ambavyo mtunzi anaweza kuviazima. Mwisho wake utakuwa na orodha yako mwenyewe ya vipotoshi vya kila sura, na kila kimoja kikiwa na swali lake.

Zoezi lililobaki ni la watu wawili, na ningependa ulifanye na mwenzako wa darasani. Chukueni sura moja, mchague kanuni tano, na kila mmoja atunge hadithi fupi ambayo moja tu kati ya hizo ndiyo jibu, huku nne zilizobaki zikiachwa zilivyo bila kubadilishwa hata neno. Badilishaneni. Kwa kuanzia, tumieni zile tano za hapo juu na mtunge hadithi ya E: tuseme mpwa wa Athumani ameiuza ngalawa hiyohiyo wakati mjomba wake yuko Pemba, na bila ruhusa yake. Angalieni mnachopaswa kuandika katika sentensi ya mwisho ili E iwe jibu la pekee, kisha muone ni neno gani moja mkilibadilisha jibu linahamia kwingine.